Umekopi shiti ya mwezi, sasa jina la renji linatoa #REF! ama linasoma mwezi mwingine: jinsi ya kulirekebisha kwa Excel

Hii naiandikia nyinyi mnaoweka hesabu za kila mwezi kwa Excel, wenye tuktuk, wenye nyumba za kukodisha, wenye duka, manake shida hii huwa haimpati mtu anayeanza leo, inampata yule ambaye amejifunza kuzipa renji majina na akafurahia, alafu mwezi wa pili akakopi shiti ndo mambo yakaanza kuharibika polepole bila yeye kujua.

Nitatumia kesi moja tu mpaka mwisho. Dada mmoja wa Kisauni ana tuktuk 6 zinazopiga Buxton na Kongowea. Kila dereva analeta hesabu ya siku, tuseme 1,000, na siku tuktuk ikiwa kwa fundi hakuna kitu. Ana faili moja, ndani kuna shiti ya Januari. Safu A ni tarehe, B mpaka G ni tuktuk moja moja, H ni jumla ya siku, I ni pesa alizompa fundi. Tarehe 1 iko mstari wa 5 na tarehe 31 iko mstari wa 35. Akaipa H5:H35 jina Hesabu, na I5:I35 akaiita Fundi, alafu pale L2 akaandika hivi:

```
=SUM(Hesabu)-SUM(Fundi)
```

Vizuri kabisa, fomula inasomeka kama maneno. Akaweka na shiti nyingine inaitwa Muhtasari, pale kila mwezi una mstari wake, na B2 ya Januari ni `=SUM(Hesabu)`, ikamletea 171,500. Mwezi wa pili ulipofika akaraiti-kliki jina la shiti pale chini, akachagua Move or Copy, akaweka tiki kwa Create a copy, akabadilisha jina ikawa Februari, akafuta zile namba za zamani akaanza kujaza. Machi akafanya vilevile kutoka kwa Februari. Mwezi wa nne akaona Januari haina kazi tena, akaifuta. Kufungua Muhtasari, #REF! kila mahali.

Lakini ukiangalia vizuri, faili ilikuwa imeharibika toka Februari, #REF! ilikuja mwisho tu. Ndo maana nataka tuelewe kwanza kilichotokea pale alipokopi, manake ukikimbilia kurekebisha #REF! peke yake utabaki na hesabu inayoonekana safi na bado ni ya uongo.

Excel ilifanya nini ulipokopi shiti

Jina la renji lina kitu kinaitwa Scope, yaani linajulikana mpaka wapi. Ukitengeneza jina kwa njia ya kawaida, ile ya kuchagua seli alafu kuandika jina kwa kile kisanduku kidogo kushoto kwa mstari wa fomula, Scope yake inakuwa Workbook, faili nzima inalijua. Sasa ukikopi shiti ya Januari ndani ya faili hiyohiyo, Excel haiwezi kuwa na majina mawili ya Hesabu yote ya faili nzima, basi inafanya hivi: Hesabu ya zamani inabaki ya faili nzima na bado inaangalia Januari, alafu inatengeneza Hesabu nyingine kimyakimya, Scope yake ni ile shiti mpya peke yake, na inaangalia seli za shiti mpya. Haikuulizi, haikuambii.

Kuanzia hapo uko na Hesabu mbili. Ni kama mtaani ambapo nyumba mbili zina mtoto anaitwa Ali: ukiita Ali ukiwa ndani ya nyumba ataitika wa nyumba hiyo, ukiita ukiwa barabarani ataitika yule anayejulikana na mtaa mzima. Fomula iliyoko ndani ya Februari inapata Hesabu ya Februari. Fomula iliyoko Muhtasari iko barabarani, inapata ya faili nzima, yaani Januari.

Ndo maana yule dada alipovuta fomula ya B2 chini mpaka B3 na B4 kwa Muhtasari, Februari ikasoma 171,500 na Machi ikasoma 171,500. Aliuliza mwenyewe, "Kaka, mbona miezi mitatu imetoka sawasawa mpaka shilingi ya mwisho?" Hiyo ndo dalili ya kwanza ya kuangalia. Hakuna mwezi na mwezi zinafanana hivo kwa biashara ya tuktuk, na Februari yenyewe siku 28 kwa tuktuk 6 haiwezi kupita 168,000 hata zote zikitoka kila siku.

Na kuna njia nyingine ya kukopi ambayo inaleta kinyume chake, hii watu wengi wanachanganya. Ukifungua shiti tupu alafu ukachagua seli zote za Januari ukakopi ukapeisti pale, hapo Excel haitengenezi jina jipya. Shiti mpya inakuwa na fomula `=SUM(Hesabu)` lakini hiyo Hesabu ni ileile ya Januari. Unajaza namba mpya, L2 haisogei hata kidogo. Kwa hivyo ukiona jumla ndani ya shiti mpya yenyewe haibadiliki unapojaza, jua ulikopi seli, hukukopi shiti. Na ukiona ndani ya shiti mambo ni sawa ila Muhtasari ndo inadanganya, jua ulikopi shiti.

Hatua ya kwanza: tengeneza kopi ya faili, alafu fungua Name Manager

Kabla hujagusa kitu, Save As, ipe jina lingine. Usitegemee Ctrl+Z hapa, kufuta shiti sio kitu cha kuaminia kurudisha. Kama umefuta shiti sasa hivi na hujaseivu, funga faili bila kuseivu uifungue tena, lakini kama faili iko OneDrive na AutoSave imewashwa basi ishajiseivu, tafuta Version History.

Kazi hii ifanyie kompyuta, achana na simu. Bonyeza Ctrl+F3, kwa laptop zingine ni Ctrl+Fn+F3, ama nenda Formulas alafu Name Manager. Kile kidirisha kivute kwa pembe kiwe kikubwa na upanue safu ya Refers To, manake kikiwa kidogo huoni mwisho wa anwani na mwisho ndo penye ubaya.

Kwa faili ya yule dada tuliona hivi, nimeandika za Hesabu peke yake, Fundi nayo ilikuwa vilevile:

```
Name     Refers To                  Scope
Hesabu   =#REF!$H$5:$H$35           Workbook
Hesabu   =Februari!$H$5:$H$32       Februari
Hesabu   =Machi!$H$5:$H$32          Machi
```

Hapo pana habari yote. Soma polepole.

Mstari wa kwanza ni ile Hesabu ya faili nzima. Angalia #REF! imekaa wapi: imekaa mahali pa jina la shiti, alafu anwani $H$5:$H$35 bado iko. Hiyo maana yake shiti yenyewe imefutwa. Ingekuwa imeandikwa `=Januari!#REF!` basi shiti ipo, ni seli ndo zilifutwa ama zikakanyagwa na kitu kingine. Tofauti hiyo ndogo inakuambia utafute wapi, na watu wengi wanaipita.

Na ukirudi Muhtasari ukabonyeza ile seli yenye kosa, fomula bado inasoma `=SUM(Hesabu)`, haijaandika #REF! ndani. Watu wanakaa wakiikodolea macho wakisema lakini fomula iko sawa. Iko sawa kweli, kilichovunjika kiko ndani ya jina, kwa seli huwezi kukiona. Na kama uliifunika kwa IFERROR, mfano `=IFERROR(SUM(Hesabu),0)`, hata hiyo #REF! hutaiona, utaona 0 tu na utafikiri mwezi huo hukujaza. Kwa jumla za pesa mimi IFERROR naiondoa kabisa, acha kosa lionekane.

Kama faili yako ina majina mengi, kuna kitufe cha Filter juu kulia, chagua Names with Errors upate yaliyovunjika, alafu ukimaliza chagua Names Scoped to Worksheet uone yale yaliyozaliwa na kukopi. Pitia yote mawili, manake jina linaloangalia mahali pasipofaa halina kosa lolote, halitakuja kwa Names with Errors.

Hatua ya pili: angalia mwisho wa renji, sio mwanzo

Sasa angalia mstari wa pili na wa tatu. Februari inaishia 32, sawa, siku 28. Yule dada alifuta mistari 33 mpaka 35 ili asiwe na tarehe 29, 30 na 31 zikikaa bure, na Excel ikafupisha jina vizuri. Lakini Machi ilikopiwa kutoka Februari, kwa hivyo ikarithi renji fupi. Akaongeza tarehe 29, 30 na 31 kwa kuandika chini tu, mstari wa 33, 34, 35. Jina halikurefuka. Ukiongeza mstari katikati ya renji jina linarefuka, ukiandika chini ya mstari wa mwisho jina linabaki palepale.

Machi halisi ilikuwa 179,000. Lakini SUM(Hesabu) ndani ya L2 ya Machi ilikuwa inahesabu 161,500. Siku tatu, 17,500, hazikuwa kwa hesabu yoyote, na hakuna kosa lililotokea kwa skrini. Kwangu mimi hii ndo mbaya kuliko #REF!, #REF! angalau inapiga kelele.

Njia ya kuona: ndani ya Name Manager chagua jina, alafu bonyeza ndani ya kile kisanduku cha Refers To pale chini kabisa. Excel itakupeleka kwa shiti hiyo na kuzungusha vistari vinavyotembea kwenye renji yenyewe. Angalia vistari vimeishia tarehe gani. Njia nyingine ni kupunguza zuum ya shiti ifike chini ya asilimia 40, hapo Excel inaandika jina la renji juu ya seli zake, utaona kwa macho limefunika mpaka wapi.

Hatua ya tatu: rekebisha renji fupi

Chagua Hesabu ya Machi, hakikisha ni ile ambayo Scope imeandikwa Machi. Bonyeza ndani ya Refers To. SUBIRI. Usitumie mishale ya kibodi bado. Ukibonyeza mshale ndani ya kisanduku hicho Excel inafikiri unachagua seli, inaingiza anwani katikati ya anwani na kuharibu zaidi. Bonyeza F2 kwanza, sasa mishale itatembea kwa herufi kama kawaida. Badilisha 32 iwe 35, alafu bonyeza ile tiki kushoto mwa kisanduku. Ukiharibu, bonyeza ile alama ya X kabla ya kitu kingine chochote, itarudi ilivyokuwa. Fundi nayo hivohivo.

Hatua ya nne: Muhtasari iambie wazi ni Hesabu ya nani

Hapa ndo dawa yenyewe. Kwa sababu kila mwezi una Hesabu yake, Muhtasari inafaa iite kwa jina la shiti na jina la renji pamoja:

```
=SUM(Februari!Hesabu)
=SUM(Machi!Hesabu)
```

Kama jina la shiti lina nafasi, weka alama za kunukuu moja moja, mfano `='Machi 2025'!L2` kwa seli ya kawaida na `=SUM('Machi 2025'!Hesabu)` kwa jina.

Ukishabonyeza Enter rudi uisome ile fomula. Ikiwa imebaki Februari!Hesabu, poa. Ikiwa Excel imeibadilisha ikaweka jina la faili badala ya jina la shiti, kitu kama `'Tuktuk.xlsx'!Hesabu`, hapo inakuambia shiti hiyo haina Hesabu yake mwenyewe, imekupa ya faili nzima. Hilo linatokea kwa shiti ile ya kwanza kabisa, na kwa zile ambazo ulikopi seli badala ya shiti.

Shiti kama hiyo itengenezee jina lake: Name Manager, New, andika Hesabu, pale Scope chagua shiti yenyewe, Refers To chagua seli. Lazima uchague Scope hapohapo wakati wa kutengeneza, manake ukishamaliza haibadiliki tena, ukifungua Edit utakuta Scope imefifia. Kuibadilisha ni kufuta jina na kuliandika upya. Ukishatengeneza, pita kwa fomula za shiti hiyo zinazotumia jina hilo, F2 alafu Enter kila moja, zisije zikawa bado zimeshikilia lile la zamani. Zikiwa nyingi, Ctrl+H, tafuta `=` na ubadilishe na `=`, Replace All ndani ya shiti hiyo, Excel itaziandika zote upya.

Januari ya yule dada ilikuwa imefutwa, kwa hivyo hakuna Hesabu ya kuita. Bahati alikuwa na kopi ya faili ya mwezi wa pili kwa flashi, tukaifungua, tukachukua 171,500 tukaiandika kama namba tu pale Muhtasari. Mwezi uliofungwa hauhitaji fomula. Hilo ningesema kwa mtu yeyote anayetaka kufuta shiti za zamani: kwanza zigeuze namba zake pale Muhtasari, kopi, Paste Special, Values, alafu ndo ufute.

Hatua ya tano: futa lile jina la faili nzima

Sasa Hesabu ya Workbook yenye #REF! haina mtu. Usiifute kabla ya hatua ya nne. Bonyeza Ctrl+F, tafuta neno Hesabu, fungua Options, pale Within weka Workbook na Look in weka Formulas, alafu Find All. Utapata orodha ya kila seli inayolitaja. Hakikisha hakuna inayosema Hesabu peke yake ikiwa nje ya shiti za miezi. Alafu Ctrl+F3, chagua ile ya Scope Workbook, Delete. Ukiona seli fulani sasa imeandika #NAME?, hiyo ndo uliyoisahau, irekebishe hapohapo.

Ctrl+F haioni ndani ya Data Validation wala ndani ya chati. Kama ulikuwa na orodha ya kuchagua dereva inayotumia jina, bonyeza kimshale chake ujaribu, kikikataa kufunguka ujue na yenyewe ilikuwa inalitegemea hilo jina. Orodha kama hiyo ya madereva, ambayo miezi yote inaitumia, iweke kwa shiti yake peke yake, iite Orodha, na jina lake libaki la Workbook. Kwa kuwa shiti hiyo huikopi kila mwezi, haitazaa majina mapya.

Kuhamisha seli nako kuna mambo yake

Mpaka hapa tumeongelea kukopi shiti. Lakini kuna ile ya kupanga upya, umeona safu ya fundi ingefaa ikae mbali kidogo ukaamua kuihamisha. Ukikata renji yote nzima kwa Ctrl+X na kuipeisti pengine, jina linaifuata, hiyo ni sawa na ndo unachotaka. Ukikopi kwa Ctrl+C, jina halitoki, linabaki na seli za zamani, alafu ukifuta namba za zamani jina linabaki linaangalia seli tupu na kusoma 0.

Mbaya ni hii: unakata seli kutoka pengine na kuzipeisti JUU ya renji yenye jina, ukaifunika yote. Mfano namba za Machi ulizijaza kwanza kwa shiti ya pembeni kwa sababu shiti ilikuwa haijawa tayari, alafu ukazikata na kuzipeisti pale H5 mpaka H35. Kwa Excel, seli za zamani zimekufa na mahali pao zimekuja zingine, kwa hivyo Hesabu inakuwa `=Machi!#REF!`. Namba unaziona kwa macho ziko palepale, na bado jina limevunjika. Ukitaka kuleta namba juu ya renji yenye jina, kopi, Paste Special, Values, alafu nenda ukazifute kule zilikotoka. Usikate kabisa. Na kama ishatokea, dawa ni ileile ya hatua ya tatu, nenda Refers To uandike anwani upya, fomula zote zitapona zenyewe bila kuzigusa.

Ishara za dola nazo. Jina likiwa `=Machi!H5:H35` bila dola, halina mahali maalum, linahesabiwa kuanzia seli uliyokuwa umesimama ulipoliandika. Tuseme ulikuwa umesimama A1. Ukilitumia pale L2, hiyo ni safu 11 kulia na mstari 1 chini, kwa hivyo litasoma S6:S36, seli tupu, jibu 0. Kulijua ni rahisi: fungua Name Manager ukiwa seli moja, funga, simama seli nyingine, fungua tena. Kama anwani imebadilika, dola hazipo. Chagua anwani yote ndani ya Refers To, bonyeza F4 mpaka zije dola zote, lakini hakikisha kwanza anwani iliyoko hapo ni ile unayoitaka, manake F4 itaganda palepale ilipo.

Kuipanga isirudi

Tulichomfanyia yule dada ni kutengeneza shiti moja inaitwa Kiolezo, tupu, siku 31 zote, na majina Hesabu na Fundi yenye Scope ya Kiolezo tangu mwanzo. Kila mwezi anakopi Kiolezo, hakopi mwezi uliopita. Kopi inapata majina yake mwenyewe, na hakuna jina la faili nzima la kugombana nayo. Februari hafuti mistari, anaiacha tupu. Na renji zake zinaishia mstari wa 36, mmoja zaidi, huo wa 36 tumeupaka kijivu na hauandikwi kitu. Akihitaji mstari zaidi anauingiza juu ya ule wa kijivu, kwa hivyo uko ndani ya renji kila wakati na jina linarefuka lenyewe.

Pale juu ya kila shiti tukaweka seli mbili za kuangalia:

```
=ROWS(Hesabu)
=CELL("address",Hesabu)
```

Ya kwanza lazima isome 32, yaani siku 31 na ule wa kijivu, ama zaidi akiwa ameongeza mstari. Ikisoma chini ya hapo, renji imekatwa. Ya pili lazima isome $H$5 peke yake. Ikileta jina la faili na la shiti mbele ya anwani, Hesabu hiyo inaangalia shiti nyingine, sio hii uliyoko.

Muhtasari kama hutaki kuandika jina la kila mwezi kwa mkono, andika majina ya shiti kwa safu A, alafu B3:

```
=SUM(INDIRECT("'"&A3&"'!Hesabu"))
```

Hii unaivuta chini na kila mstari unasoma shiti yake. Ila jua kwamba kwa INDIRECT jina la shiti ni maandishi tu, ukibadilisha jina la shiti pale chini kutoka Februari ikawa Feb, A3 haibadiliki yenyewe na utapata #REF! tena, safari hii jina la renji halina kosa lolote, ni kuandika A3 ifanane na shiti. Hata nafasi moja iliyobaki mwisho wa neno inatosha kuivunja.

Na ukimpelekea mtu wa kukufungia hesabu, yeye akakopi shiti yako kuiingiza kwa faili yake ambayo ina Hesabu nyingine, Excel inaweza kuuliza kama jina lililopo litumike. Akisema Yes, fomula zako zitaanza kusoma seli zake. Mwambie achague No na aandike jina lingine, ama wewe umtumie namba tu, Paste Special, Values, kwa faili mpya. Baadaye kwa faili yake afungue Name Manager aangalie kama kuna Refers To yenye jina la faili ndani ya mabano ya mraba, hiyo inamaanisha bado inaitegemea faili iliyoko kwa kompyuta yako, na siku akiifungua peke yake namba hizo hazitabadilika zenyewe.